Ping inapita, bekapu imekwama: jinsi ya kumpata anayekata fremu kubwa kati ya seva na hifadhi

Radi ilipiga usiku, kama ilivyo kawaida ya Kakamega msimu wa mvua, na kulipokucha swichi moja katika ofisi ninayoihudumia ilikuwa imekufa. Kijana wa IT wa pale hakukaa kusubiri. Alinunua nyingine, akahamisha kebo moja moja, poti kwa poti, na taa zote zikawaka kijani. Saa nne asubuhi akanipigia simu nikiwa Kisumu.

"Mzee, kila kitu kinapingi vizuri, lakini bekapu ya usiku haikusonga, na mafaili ya wahasibu mengine yanafunguka, mengine hayafunguki."

Nikamuuliza kama hifadhi imemauntiwa. Imemauntiwa. `ls` inatoa majina? Inatoa. `df` inaonyesha nafasi iliyobaki? Inaonyesha. Faili la mistari mitatu je? Linafunguka papo hapo. Na lile la megabaiti mia mbili? "Hilo linakaa tu. Halileti kosa, na haliishi."

Maneno hayo ya mwisho yalinitosha. Diski mbovu huleta kosa. Kebo mbovu hufanya hata ping ipotee mara moja moja. Lakini vidogo vyote vikipita bila kasoro na vikubwa vyote vikinyamaza bila kosa, tatizo karibu kila mara ni MTU. Nilipofika Kiboswa nilikuwa nimeshamtumia ujumbe asiguse chochote kwenye hifadhi.

Nitaeleza tulivyoisaka, hatua kwa hatua, pamoja na kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza, maana hilo la pili ndilo lililokula muda wetu.

Mtandao wenyewe ulivyokuwa

Seva mbili za Proxmox ziko chumba cha kwanza, kwenye swichi ambayo radi haikuigusa. Hifadhi ya NFS iko chumba cha pili, kwenye swichi mpya. Kati ya swichi hizo kuna waya mmoja unaobeba VLAN kadhaa, kila fremu ikiwa na lebo yake. Ya hifadhi ni VLAN 30. Kwenye poti za seva na za hifadhi fremu hutoka bila lebo. Seva tuliyoipima ina anwani 10.30.0.11 na hifadhi ina 10.30.0.5. Pande zote mbili intafesi ziliwekwa MTU 9000 tangu mwanzo.

Kwa nini kidogo kinapita na kikubwa kinapotea

MTU ni ukubwa wa juu kabisa wa paketi ya IP ambayo intafesi iko tayari kuitoa kwa mkupuo mmoja. Kawaida ya Ethaneti ni baiti 1500. Fremu jumbo ni makubaliano ya watu wa mtandao mmoja kwamba hapa kwetu tutabeba zaidi, mara nyingi 9000. Neno la kushika hapo ni makubaliano: hakuna kifaa kinachomwuliza mwenzake kama amekubali.

Ping ya kawaida ya Linux inabeba baiti 56 za data. Ukiongeza 8 za ICMP na 20 za IP unapata paketi ya baiti 84. Ni boda boda inayopita chini ya kizuizi cha barabarani ambacho trela ya miwa haiwezi kukipita. Mtu wa boda boda uliyemtuma akirudi na habari kwamba njia iko wazi, hajadanganya; hukumtuma na mzigo.

TCP nayo huanza kwa paketi ndogo. Wakati wa kusalimiana, kila upande humtajia mwenzake kipande kikubwa kabisa cha data anachoweza kupokea, kinachoitwa MSS, na anakikokotoa kutokana na MTU ya intafesi yake mwenyewe: 9000 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP ni 8960. Seva ikasema 8960, hifadhi ikasema 8960, wakaelewana. Swichi iliyo katikati haikuulizwa. Basi `mount` inafaulu, `ls` ya folda ndogo inafaulu, halafu mara ya kwanza mmoja wao anapotuma kipande kizima, kinafika kwenye swichi yenye kikomo cha 1500 na kinatupwa.

Kinatupwa kimya kimya. Ruta ikishindwa kupitisha paketi iliyokatazwa kukatwa, hurudisha ujumbe wa ICMP unaosema ukubwa unaokubalika, na mtumaji hupunguza. Swichi ya tabaka la pili haijui IP, kwa hiyo haina ujumbe wa kurudisha. Mtumaji husubiri jibu, halipati, anatuma kipande kilekile tena, anasubiri mara mbili ya muda wa kwanza, anatuma tena. Ndiyo maana mtumiaji haoni kasi ikipungua wala kosa, anaona kitu kimesimama. Kernel ya Linux baada ya muda huandika kwenye `dmesg`:

```
nfs: server 10.30.0.5 not responding, still trying
```

Mtu akisoma hapo anakimbilia kuizima na kuiwasha hifadhi ambayo haina kosa lolote.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo mafundi wengi hulielewa kinyume. Wanasema hatari ni mashine moja kuwa 9000 na nyingine 1500. Kwa TCP kwenye mtandao mmoja, hali hiyo mara nyingi inafanya kazi, kwa sababu yule wa 1500 atatangaza MSS ya 1460 na mwenzake ataiheshimu. Hali mbaya ni ile yetu: ncha zote mbili zimekubaliana juu ya 9000 na aliye katikati hawezi. Kwa hiyo kukagua MTU ya seva na ya hifadhi na kuona zinalingana hakumalizi uchunguzi. Hapa ndipo unapoanza.

Hatua ya kwanza: tazama soketi ikiwa imekwama

Usianze na ping. Anza na muunganisho wenyewe unaolalamikiwa, ukiwa bado umekwama, kwa sababu ushahidi uko wazi pale. Anzisha unakili wa faili kubwa kwenda kwenye hifadhi, kisha kwenye dirisha jingine la seva:

```
ss -tino dst 10.30.0.5
```

Tuliona hivi (nimepunguza visivyohusika):

```
ESTAB 0 1048708 10.30.0.11:873 10.30.0.5:2049 timer:(on,17sec,7)
  rto:25600 backoff:7 mss:8948 pmtu:9000 cwnd:1 retrans:1/7
```

Soma polepole. Muunganisho uko hai, ESTAB. Kuna zaidi ya megabaiti moja inayosubiri kutoka. `mss:8948` ni zile 8960 zikitolewa 12 za alama ya wakati ambayo TCP huiweka. `cwnd:1` maana yake mtumaji amekata tamaa hadi anatuma kipande kimoja kimoja. `backoff:7` ni kwamba amesubiri na kuongeza muda mara mbili mara saba, na sasa anasubiri sekunde 25 na nukta sita kabla ya jaribio lingine. MSS kubwa ikiwa pamoja na `backoff` inayopanda, huna haja ya kubahatisha tena.

Ukumbuke kwamba `ss` inaonyesha anayetuma. Kama kinachokwama ni kusoma, mtumaji ni hifadhi, na kule kwenye seva utaona muunganisho umetulia kama hauna shida. Endesha amri hiyo upande unaotoa data.

Ukitumia `tcpdump` kwenye upande wa mtumaji, usishtuke kuona vipande vya baiti elfu kumi na kadhaa au hata sitini na kitu. Kernel huikabidhi kadi ya mtandao furushi kubwa, na kadi ndiyo inayolikata kabla halijaingia kwenye waya. Nimeona mtu akitumia siku nzima akifukuza furushi hilo.

Hatua ya pili: ping yenye mzigo, iliyokatazwa kukatwa

```
ping -M do -c 3 -s 8972 10.30.0.5
```

8972 inatokana na 9000 ukitoa 28, yaani 20 za IP na 8 za ICMP. `-M do` inaweka katazo la kukata paketi. Ukiliacha katazo hilo, na intafesi yako mwenyewe iko 1500, kernel itakata paketi vipande saba, vyote vitafika, na utaambiwa njia iko sawa wakati haiko.

Mashine nyingine zina namna zake za kusema jambo hilohilo. Hapa chini ni Windows, kisha FreeBSD, kisha ESXi:

```
ping -f -l 8972 10.30.0.5
ping -D -s 8972 10.30.0.5
vmkping -I vmk1 -d -s 8972 10.30.0.5
```

Sasa sikiliza namna ping inavyoshindwa, maana inashindwa kwa njia tatu tofauti. Ukipata `message too long, mtu=1500`, paketi haikutoka kabisa: ni mashine yako iliyokataa, na kosa liko kwenye intafesi yako au kitu kilicho juu yake. Ukipata `Frag needed and DF set`, kuna ruta njiani na imekuambia ukweli. Ofisi nyingi hazikukusudia data ya hifadhi ipite kwenye ruta, kwa hiyo uliza imefikaje huko. Na ukipata ukimya mtupu, asilimia 100 zimepotea huku ping ndogo ikiendelea kujibiwa, basi ni swichi, au intafesi ya upande wa pili inayokataa kupokea.

Sisi tulipata ukimya.

Rudia jaribio hilo kutoka upande wa hifadhi kuja kwa seva. Inaonekana kama kazi ya bure kwa sababu jibu la ping hubeba data ileile na kurudi. Lakini kwenye Linux jibu la ping halibebi katazo la kukatwa. Kama seva iko 1500 na kadi yake imekubali kupokea fremu kubwa, itajibu kwa vipande, na wewe uliyeko upande wa 9000 utaona ping imefaulu.

Hatua ya tatu: tafuta namba kamili

Wengi huishia hapo, wanaingia kwenye swichi na kuwasha jumbo. Nakuomba utumie dakika mbili zaidi kutafuta ni ukubwa gani hasa unaopita, kwa sababu namba hiyo inamtaja aliyezuia.

```
for n in 1422 1472 1476 4000 8000 8968 8972; do
  ping -M do -c 2 -W 1 -s $n 10.30.0.5 >/dev/null \
    && echo "$n ndiyo" || echo "$n hapana"
done
```

Kwetu 1472 ilikuwa ndiyo na 1476 hapana. Jumlisha 28 kwenye 1472 unapata 1500, paketi ya IP. Jumlisha tena 14 za kichwa cha Ethaneti na 4 za mkia wa kukagua makosa, unapata 1518, fremu nzima. Hicho ndicho kikomo ambacho swichi nyingi hutoka nacho kiwandani kwa fremu isiyo na lebo. Swichi mpya haikuwa na ubaya wowote. Ile iliyoungua iliwekwa jumbo na mtu aliyekwisha ondoka pale, na hakuna aliyeandika popote.

Ingekuwa 1476 ndiyo, ningejua swichi inapitisha angalau 1522 kwa fremu isiyo na lebo na 1526 kwa yenye lebo. Ingekuwa 1422 ndiyo na 1472 hapana, ningeacha swichi kabisa na kutafuta handaki la VXLAN lililowekwa juu ya mtandao wa 1500, kwa sababu vichwa vyake hula baiti 50.

Swichi yenyewe ilithibitisha. Kwenye takwimu za poti kulikuwa na kihesabio cha fremu zilizozidi ukubwa. Swichi nyingine hukiita `giants`, nyingine `oversize`. Tulipoandika kwenda hifadhini, kilipanda kwenye poti ya waya unaotoka swichi ya kwanza. Tuliposoma, kilipanda kwenye poti ya hifadhi. Kihesabio hupanda pale fremu inapoingia, kwa hiyo kinakuonyesha hata mzigo ulikuwa unaelekea wapi.

Wakati watu wanasubiri: rudisha huduma kwanza

Wahasibu walikuwa wamekaa mbele ya skrini zao tangu asubuhi. Kugusa swichi kungeweza kukatiza kila mtu, kwa hiyo nilishusha MTU kwenye seva peke yake:

```
ip link set dev vmbr1 mtu 1500
```

Upande mmoja unatosha kwa TCP, kwa sababu ileile ya MSS niliyoieleza juu. Ila muunganisho uliokwisha funguliwa bado unakumbuka makubaliano ya zamani: hifadhi itaendelea kuitumia seva hiyo vipande vya 8948. Kwa hiyo umaunti upya baada ya kushusha. Kama kuna programu zimeganda kwenye NFS na `umount` inakataa, sitisha programu hizo kwanza, au ukate muunganisho wa poti 2049 ili mteja aufungue upya mwenyewe. Hapo ndipo MSS mpya inatangazwa.

Dakika chache baadaye mafaili yakafunguka. Ofisi ikaendelea na kazi, nasi tukapata nafasi ya kurekebisha bila kukimbizwa.

Hatua ya nne: rekebisha kuanzia katikati

Mpangilio ni swichi zote kwanza, kisha hifadhi, na seva mwisho. Kifaa cha katikati kilicho tayari kubeba 9000 hakimdhuru anayetuma 1500. Kinyume chake ndicho kilichotuleta hapa. Swichi nyingine huweka jumbo kwa kila poti, nyingine kwa kifaa kizima, na nyingine hazianzi kuitumia mpaka zizimwe na kuwashwa, kwa hiyo chagua saa ambayo hakuna anayefanya kazi.

Sisi tulisubiri saa kumi na moja jioni. Yule kijana, ambaye ni makini, alipiga hesabu yake kwenye karatasi: 9000 ya paketi, jumlisha 14, jumlisha 4, ni 9018. Akaandika 9018 kwenye swichi mpya. Tukarudisha seva kwenye 9000, tukajaribu ping ya 8000. Ikapita. Akashusha pumzi. Tukaanzisha bekapu, ikaenda sekunde moja, ikakwama vilevile kama asubuhi.

Niliendesha kitanzi tena. 8000 ndiyo. 8968 ndiyo. 8972 hapana.

Baiti nne. Ukiwahi kuona pengo la baiti nne kamili, umeiona lebo ya VLAN. Kwenye poti ya hifadhi fremu haina lebo, na 9018 inatosha kabisa. Lakini kwenye waya unaounganisha swichi mbili fremu hiyohiyo inabeba lebo ya VLAN 30, na lebo ni baiti 4, kwa hiyo ni 9022. Swichi nyingine huisamehe lebo bila kuambiwa; hii iliisamehe kwenye kikomo chake cha kiwandani, lakini si kwenye namba tuliyoiandika sisi. Ilikuwa inapitisha kila kitu isipokuwa kipande kilichojaa hadi ukingoni, na TCP ikiwa na data nyingi hutuma vipande vilivyojaa hadi ukingoni tu. Aliyepima kwa 8000 angekwenda nyumbani akiamini amemaliza.

Hapa ndipo penye mzizi wa fujo nyingi za MTU: seva inahesabu paketi, swichi inahesabu fremu. Ukiandika 9000 kwenye seva unamaanisha kilicho ndani ya bahasha. Ukiandika 9000 kwenye swichi nyingi unamaanisha bahasha, stempu na vyote, na paketi ya 9000 haiingii. Tena watengenezaji hawakubaliani juu ya kipi kihesabiwe. Kwenye MikroTik, kwa mfano, `l2mtu` haihesabu kichwa cha baiti 14 lakini inahesabu lebo ya VLAN. Sitaki mtu akokotoe hadi baiti ya mwisho kwenye swichi. Weka kubwa kabisa ambayo kifaa kinaruhusu, mara nyingi 9216 au karibu na hapo, halafu uache seva ndizo zishike 9000. Swichi kuwa pana kuliko mashine hakuna hasara.

Tuliweka 9216. Kitanzi kikatoa ndiyo kwa namba zote saba, kutoka pande zote mbili.

Hatua ya tano: pima kwa mzigo wa kweli

Ping iliyopita mara tatu haijanishawishi bado. Andika gigabaiti mbili, kisha uzisome, huku ukiangalia `ss` na kihesabio cha swichi:

```
dd if=/dev/zero of=/mnt/pve/hifadhi/jaribio bs=1M count=2000 conv=fsync
dd if=/mnt/pve/hifadhi/jaribio of=/dev/null bs=1M iflag=direct
```

`conv=fsync` inazuia seva isikwambie imemaliza wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake. `iflag=direct` inailazimisha isome kutoka hifadhini. Bila hiyo itakurudishia kilichobaki kwenye kumbukumbu na hutapima mtandao hata kidogo. `retrans` kwenye `ss` isipande, na kihesabio cha fremu zilizozidi kibaki palepale. Ukimaliza futa faili la jaribio.

Tabaka ndani ya seva yenyewe

Swichi ikishakuwa sawa na ping bado inakataa kwa `message too long`, kagua seva kutoka chini kwenda juu: kadi halisi, kisha bondi kama ipo, kisha intafesi ya VLAN, kisha briji, kisha intafesi iliyo ndani ya mashine pepe. Kila moja ina MTU yake. Intafesi ya VLAN haiwezi kuzidi ile iliyo chini yake, na briji ya Linux, usipoipangia namba, hufuata ndogo kabisa kati ya poti zake. Kwa hiyo poti moja ya 1500 ikiongezwa kwenye briji inaweza kuishusha yote. `ip link show` inakupa zote kwa mtazamo mmoja.

Halafu hakikisha imeandikwa mahali itakapodumu. `ip link set` inaishi mpaka mashine izimike, na huku kwetu stima haikawii kupotea. Kwenye Proxmox ni `/etc/network/interfaces`:

```
iface ens19 inet manual
    mtu 9000

auto vmbr1
iface vmbr1 inet static
    address 10.30.0.11/24
    bridge-ports ens19
    mtu 9000
```

Usisahau swichi pia. Nyingi zina mpangilio unaotumika sasa na mpangilio uliohifadhiwa, na vitu hivyo ni viwili. Usipohifadhi, stima ikirudi swichi inaamka na 1518 yake ya kiwandani.

Je, ulihitaji jumbo tangu mwanzo?

Hapa natoa maoni yangu kama fundi. Kwa paketi za 1500, kati ya baiti 1538 zinazochukua nafasi kwenye waya ukihesabu na mapengo ya lazima, 1448 ni data yako. Hiyo ni kama asilimia 94. Kwa 9000 ni 8948 kati ya 9038, asilimia 99. Kwenye mtandao wa gigabiti moja ni tofauti ya kutoka megabaiti 118 kwa sekunde hadi 124. Kwa ofisi yenye swichi za gigabiti moja, ambapo kifaa kikiungua kinabadilishwa na chochote kinachopatikana dukani siku hiyo, siwezi kumshauri mtu abebe hatari hii kwa megabaiti sita. Namwambia aache 1500 kila mahali.

Kwenye gigabiti kumi faida inaweza kuonekana, hasa kwenye kazi ya prosesa ya hifadhi inayohudumia seva kadhaa, na pale Kakamega waya za hifadhi ni za kumi. Kwa hiyo tuliibakisha, lakini VLAN 30 peke yake. Kompyuta za wahasibu na printa hazikuguswa.

Kuna mpangilio wa kernel, `net.ipv4.tcp_mtu_probing`, ambao ukiwekwa 1 huifanya TCP ya Linux ijaribu vipande vidogo yenyewe ikihisi vikubwa vinapotelea mahali. Kwa kawaida uko 0. Niliuweka 1 kwenye seva zote mbili na kwenye hifadhi, baada ya kurekebisha swichi na si badala yake, kwa sababu unaokoa muunganisho uliokwama lakini unauficha ubovu wenyewe, na kila muunganisho mpya lazima ukwame kwanza kidogo kabla haujapona.

Kabla ya kuondoka tulikata kipande cha karatasi, tukakibandika kwa selotepu juu ya kila swichi: "Fremu 9216, VLAN 30. Ukibadilisha kifaa hiki, endesha ping ya 8972 kutoka pande zote mbili kabla ya kufunga kabati." Kijana akapiga picha ya ile karatasi kwa simu yake, akaihifadhi pamoja na picha za kebo alizopiga asubuhi ile akihamisha poti.